Kijana wa Jezi ya Manjano na Kibao cha Taka: Jibu kwa Bibi Harusi wa Kiponda

Barua hii kwa mhariri wa video za harusi na jibu lake vinachapishwa kwa ridhaa ya bibi harusi mwenyewe. Majina yameachwa.

*Assalaam alaykum, dada mhariri.*

*Nimeipokea video ya harusi yetu na nimeitazama mara tatu pamoja na mama na mawifi zangu. Sehemu kubwa imenifurahisha mno, lakini zipo sehemu mbili zinazonikosesha raha kila nikizifikia.*

*Ya kwanza ni pale tunapotoka mlangoni kwa bibi, Kiponda, kuanzia dakika ya 14:07 ya video hadi 14:25. Upande wa kushoto, penye baraza, anatokea kijana aliyevaa jezi ya manjano, na gilasi ya juisi ya miwa mkononi, akasimama pale kama mwalikwa mpaka simu yake ikaita. Mimi simjui, na mume wangu pia hamjui. Ya pili ni kichochoroni, kuanzia 15:02 hadi 15:11, ambapo baina ya kichwa changu na cha mume wangu kinasomeka kibao cheupe chenye herufi nyekundu: NI MARUFUKU KUTUPA TAKA HAPA. Wifi yangu alicheka, nami nikacheka naye, lakini usiku nililia.*

*Naomba umwondoe kijana huyo na ukiondoe kibao. Kama haiwezekani, niambie kweli nijue. Naomba pia kazi hii usimpe mtu mwingine, kwa sababu ndani ya faili zetu mna sehemu za ukumbini ambazo ni za wanawake peke yao. Na majirani wanaotaka kuja kuitazama Jumapili ya wiki ijayo, niwaonyeshe hii iliyopo au niwaambie wasubiri?*

Waalaykum salaam warahmatullah, mdogo wangu. Kijana anaondoka, na maandishi ya kibao yanaondoka pia, lakini kibao chenyewe nakuomba uniachie mahali pake. Sababu nitaieleza kwa urefu huko mbele, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kabla sijagusa chochote, hata hivyo, lipo jambo moja ambalo ni lako wewe kulifanya.

Nimekutumia picha mnato moja ya kijana huyo, uso wake ukionekana vizuri. Mwonyeshe mama yako, kisha mwonyeshe mama mkwe, na uwaulize kama wanamjua. Wewe na mume wako hamumjui, lakini harusi zetu huja na watu ambao maharusi wenyewe hawajapata kuwaona. Miaka ya nyuma niliwahi kumfuta mzee mmoja aliyekaa pembeni ya mkeka, kwa sababu bibi harusi aliniambia ni mpita njia, na baadaye ikajulikana kwamba ni mjomba wa bwana harusi aliyetoka Wete asubuhi ileile kwa boti ili awahi nikahi. Video ilikuwa imeshatazamwa nyumba nne. Tangu siku hiyo simfuti mtu mpaka pande zote mbili zimeiona sura yake, na nakala ya kwanza siifuti kamwe.

Tuseme hajulikani. Njia nyepesi ya kumwondoa ni kukuza picha hadi atoke nje ya fremu. Video yenu ilipigwa kwa ukubwa wa nukta 3840 kwa 2160, nami nilikukabidhi kwa 1920 kwa 1080, kwa hiyo naweza kuikuza hadi mara mbili bila ya kupoteza ukali wake. Nimejaribu. Anapotoka yeye, hutoka pamoja naye baraza lote, mtoto wa dada yako mwenye sinia la asumini, na nusu ya mlango wa nakshi ambao kwa ajili yake mlichagua kutokea pale. Kwa kibao, ukuzaji hausaidii hata kidogo, kwa kuwa kimekaa katikati yenu. Hivyo njia hii nimeiweka kando.

Kilichotuokoa kwa kijana ni kwamba mpiga picha aliiweka kamera juu ya stendi na kuiacha itulie. Klipu yote ina sekunde 18, na kwa fremu 25 za kila sekunde hizo ni fremu 450. Kijana anaingia saa ya video inaposoma 14:10 na anatoka 14:21. Maana yake kamera iliuona ukuta ule na baraza lile bila ya yeye kwa sekunde tatu za mwanzo na sekunde nne za mwisho. Sina haja ya kuubuni ukuta, ninao. Kazi ni kukichukua kipande cha ukuta mtupu kutoka sekunde hizo, kukikata kwa mpaka unaomzunguka kijana, na kukiweka juu yake mahali pale pale.

Lakini stendi nayo huwa inaguswa, hasa katika uwanja mdogo uliojaa akina mama. Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya ni kuiweka fremu ya 14:08 juu ya fremu ya 14:24 na kuzipima kwa namna inayoitwa Difference, ambayo hutoa rangi ya kila nukta ya fremu moja kutoka kwa nukta ya mwenzake. Palipo sawasawa huwa peusi kabisa. Kamera ikiwa imesogea japo kwa upana wa nukta mbili, kingo zote za nakshi za mlango huchoreka kwa mistari myembamba inayong'aa, na hapo mtu hujua kwamba kila fremu itabidi isogezwe kwanza. Ya kwenu ilitoka nyeusi kwenye nakshi na nyeusi kwenye misumari ya shaba. Stendi haikuguswa.

Ukuta wenyewe, hata hivyo, haukutoka mweusi. Ulitoka wa kijivu hafifu, na hilo lilinieleza jambo jingine. Ninyi mlipotokea mlangoni kwenye 14:13, wewe umevaa nguo nyeupe na mume wako amevaa kanzu nyeupe chini ya joho, kamera iliona weupe mwingi umeingia ghafla ikapunguza mwanga yenyewe. Ukuta ulio nyuma yenu ukawa na giza kidogo kuliko ulivyokuwa sekunde tano kabla. Mtu akichukua ukuta wa mwanzo na kuubandika katikati ya klipu, patakuwa na kiraka kinachong'aa chenye umbo la mtu, na hicho kitaonekana kuliko kijana mwenyewe. Kwa sababu hiyo nitatumia ukuta wa mwanzo kuanzia 14:10 hadi 14:13 tu, na kuanzia hapo nitatumia ukuta wa mwisho, uliopigwa wakati mwanga umeshashuka, huku nikibadilisha mmoja kwenda mwingine polepole kwa kiasi kile kile ambacho kamera ilikuwa ikishuka. Mpaka wa kiraka nao siukati katikati ya chokaa tupu. Ukuta wa bibi una ufa mrefu unaoshuka kutoka dirishani, na kuna kivuli cha ukingo wa baraza. Nitaupitisha mpaka humo, kwa sababu macho yameshazoea kuona mstari pale.

Wengi hukosea hapa kwa kuchukua fremu moja na kuigandisha. Picha ya kamera, hata ya ukuta usiotikisika, ina chembechembe zinazochezacheza, na jioni mwanga unapopungua huwa nyingi zaidi. Fremu iliyogandishwa haina uhai huo, kwa hiyo sehemu moja ya ukuta inakuwa imelala na nyingine inachemka, na mtazamaji huhisi kuna kitu asichoweza kukitaja. Mimi nitachukua zile sekunde nne zikiwa zinatembea, yaani fremu 100, nizicheze mbele kisha nizirudishe nyuma mpaka zitoshe muda ninaouhitaji. Ukuta hauna saa, kwa hiyo hakuna atakayejua kwamba unakwenda na kurudi. Kama pangekuwa na pazia linalopepea pale, njia hii isingefaa.

Kijana amebeba na kivuli chake. Jua lilikuwa limeshainama upande wa kushoto, na kivuli chake kimelala juu ya mawe kuja hadi miguuni pa mume wako. Nikimwondoa mtu nikaacha kivuli, nitakuwa nimefanya jambo la kutisha katika video ya harusi. Sehemu kubwa ya kivuli inafunikwa na kile kile kiraka, ila baina ya 14:15 na 14:17 mume wako anakikanyaga, na kivuli kinapanda juu ya upindo wa kanzu yake. Fremu hizo 50 ninazichora kwa mkono, moja baada ya moja, nikifuata upindo wa kanzu, halafu sehemu iliyoingia kivulini naipandisha mwanga mpaka ilingane na kanzu iliyobaki. Usiku mmoja mzima utakwendea hapo.

Na mahali pamoja nashindwa, nawe uliniomba nikwambie kweli. Anapoondoka, kuanzia kama 14:19 na nusu, kijana anapita mbele ya mtoto mwenye sinia, na kwa sekunde moja na nusu anamfunika kabisa. Mtoto yule hakusimama tuli kama ukuta. Alikuwa anarusha asumini. Mkono wake ulikuwa wapi katika fremu zile, kamera haikuona, na mimi sitaki kumbunia mtoto wa dada yako mkono usio wake. Kwa hiyo hapo nitakata kwenda kwenye kamera ya pili, ambayo kwa bahati ilikuwa ikimpiga yeye. Nina sekunde mbili nzuri sana za sinia lenyewe, vidole vyake vikichota asumini, na moja imeng'ang'ania kwenye bangili yake. Zikimalizika, tunarudi mlangoni na kijana ameshaondoka. Utaiona kama nimekusudia tangu mwanzo.

Simu yake haitoki kwa kumfuta yeye. Picha na sauti ni vitu viwili mbali. Mlio ule umeingia chini ya vigelegele vya shangazi zako, nami nitaufunika kwa vigelegele vya dakika ile ile kutoka kamera ya pili, ambayo ilikuwa mbali na simu.

Sasa kibao. Klipu hii haina stendi. Mpiga picha alikuwa akirudi kinyumenyume mbele yenu ameshika kamera, na kila kitu kinatikisika na kukua kadiri mnavyosogea. Hilo peke yake si tatizo kubwa. Kibao ni kitu bapa chenye pembe nne, kimepigiliwa ukutani, na kompyuta inaweza kuzifuata pembe hizo nne kwa fremu zote 225, kisha nikabandika chokaa ya ukuta juu yake ikatembea nacho. Nilifanya hivyo usiku wa kwanza nilipopata barua yako, na kwa sekunde nne ilipendeza. Halafu shela lako likapeperuka mbele ya kibao.

Shela linaonyesha. Katika fremu zipatazo 60 kibao kipo nyuma yake, na kinachoonekana kwenye picha si shela na si kibao, bali ni vyote viwili vimechanganyika katika nukta moja. Nikibandika chokaa juu, nimelifuta shela. Nikibandika chokaa nyuma ya shela, wekundu wa herufi umeshaingia ndani ya kitambaa na hautoki. Unabaki kama doa la juisi ya zabibu juu ya tulle nyeupe. Nikisema nilichore shela upya, nitapata kitambaa kizito kisicho na mng'aro, na shela hilo ndilo uzuri wa klipu yote.

Ndipo nikaacha kufikiria kibao nikafikiria herufi. Kila nukta ya picha ina vipimo vitatu, cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, kuanzia 0 hadi 255. Nilipima herufi moja ya kibao nikapata nyekundu 190, kijani 40, buluu 45. Nikapima ubao mweupe ulio pembeni yake nikapata nyekundu 205, kijani 200, buluu 190. Utaona kwamba katika kijani na buluu herufi na ubao vimeachana sana, lakini katika nyekundu vinakaribia kulingana. Ukiitazama picha kwa kipimo cha nyekundu peke yake, herufi nyekundu juu ya ubao mweupe karibu zinapotea zenyewe. Kwa hiyo ndani ya eneo la kibao tu nachukua kipimo cha nyekundu na kukinakili mahali pa kijani na pa buluu. Katika programu ya DaVinci Resolve kazi hii hufanywa kwenye RGB Mixer, kwa kuondoa alama ya Preserve Luminance na kuweka namba hizi:

```
Red:    R 1.00   G 0.00   B 0.00
Green:  R 1.00   G 0.00   B 0.00
Blue:   R 1.00   G 0.00   B 0.00
```

Herufi inakuwa 190 kwa vipimo vyote vitatu, ubao unakuwa 205, na tofauti iliyobaki ni 15 tu, ambayo ukungu mdogo unaimaliza. Kinachobaki ni ubao wa kijivu cheupe usio na neno, ninaoutia umanjano kidogo ufanane na chokaa. Kuta za Mji Mkongwe zimejaa mbao, mabomba na masanduku ya umeme, na hakuna jicho linalosimama kwenye ubao mtupu. Jambo lenye thamani zaidi ni kwamba hesabu hii haijali kama kuna shela mbele. Mchanganyiko unabaki mchanganyiko, shela linapepea na mng'aro wake wote, na nyuma yake hakuna wekundu. Ndiyo sababu ya kukuomba ubao ubaki. Kama herufi zingekuwa za buluu ningetumia kipimo cha buluu, na kama zingekuwa nyeusi njia hii isingenifaa kitu, kwa sababu nyeusi iko chini katika vipimo vyote vitatu.

Ina madhara yake, nayo nimeyaona. Kwenye 15:07 uliinua mkono kulishika shela, na vidole vyako vyenye hina vikapita mbele ya kibao. Hina ni nyekundu pia. Nilipoicheza klipu, ncha za vidole vyako ziligeuka kijivu kama za mtu aliyeshika unga, zikarudi kuwa na hina zilipotoka nje ya eneo. Fremu hizo ni 18, na katika kila moja nitachora mpaka wa vidole na kuvitoa katika hesabu. Ukingo wa shela nao una tarizi ya dhahabu, na dhahabu ikinakiliwa hivyo huwa nyeupe. Kwa hiyo eneo nimelibana lizishike herufi tu, si ubao mzima, na tarizi inapopita nalibana zaidi. Ukitaka kunikagua, usiangalie kibao. Angalia vidole vyako na tarizi.

Kazi yote inafanywa kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, ambayo mwanamme haigusi. Klipu hizi mbili nimezitenga kwenye diski ya peke yake, na za ukumbini hazihitajiki kufunguliwa kabisa. Ile nakala uliyonitumia kwa WhatsApp nimeifuta. Imebanwa mno, na nilihitaji namba za dakika tu, ambazo uliziandika vizuri.

Nikimaliza sitakukabidhi siku ile ile. Mtu aliyemfuta kijana kwa usiku tatu humwona hata akiwa hayupo, au haoni kiraka hata kikiwa wazi. Nitaiacha siku moja, kisha nitaicheza kwenye televisheni kubwa ya sebuleni, mara moja nikitazama nyuso zenu na mara moja nikitazama ukuta peke yake, halafu nitamwita jirani yangu ambaye hakuiona kabla na kumuuliza mlango ule ni wa nyumba gani. Akinijibu habari ya mlango, imekwisha. Akisema "hapo ukutani pana nini," narudi kazini.

Majirani waambie waje Jumapili hiyo hiyo. Nahitaji jibu la mama mkwe kuhusu ile picha kabla ya Jumatatu usiku, na Ijumaa baada ya sala njoo na flashi ya GB 32, kwa sababu nitakupa faili mbili: hii mpya, na ya zamani yenye kijana na kibao chake, uiweke mbali na watoto wasije wakaicheza Jumapili kwa makosa.